Gawio la asilimia 12 ni la fedha ipi? Kisa cha kapsheni ya SACCOS moja ya Mbuyuni, Moshi

Mwishoni mwa Novemba bodi ya SACCOS moja ya wafanyabiashara wa soko la Mbuyuni, Moshi, ilinitumia picha ya kuweka Instagram na maneno ya kuweka chini yake, niyakague kabla hayajatoka. Walitaka kutafuta wanachama wapya kabla ya Krismasi, wakati watu wa Kilimanjaro wanaoishi mbali wanarudi nyumbani na biashara sokoni inachangamka. Kwenye picha mwanachama anapokea hundi ya mfano kutoka kwa mwenyekiti. Maneno yalikuwa haya:

"Moshi ndiyo nyumbani kwa ushirika! Anza na elfu 30 tu kwa mwezi. Pata mkopo mara tatu ya akiba yako. Gawio asilimia 12 kila mwaka. Fedha zako ziko salama asilimia 100. Nafasi ni chache, wahi kabla ya Krismasi! Tuma kiingilio kwa M-Pesa." Mwisho wake kulikuwa na namba ya simu ya mhasibu.

Chama chenyewe ni halali. Kina usajili, kina leseni, hesabu zake hukaguliwa, na wanachama wake, wauza nafaka, wauza ndizi, mafundi cherehani na madereva wa bodaboda, wanakopeshana kweli. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kina faida kukieleza. Tangazo la tapeli halirekebishiki, lakini hapa chama kizuri kilikuwa kinakwenda kukusanya watu waliokielewa vibaya. Mtu aliyeingia kwa kuelewa vibaya hulalamika baada ya miezi sita, hutoka baada ya mwaka, na habari yake hufika sokoni kabla yake.

Nilianza na gawio, kwa sababu hapo kila neno la kapsheni lilikuwa na chembe ya ukweli, na msomaji angetoka na hesabu isiyo kweli hata kidogo.

Mwaka uliopita mkutano mkuu uliidhinisha gawio la asilimia 12. Hiyo asilimia 12 ililipwa juu ya hisa. Hisa ndizo mtaji wa chama, na katika chama hiki mwanachama hulazimika kuwa na hisa kumi za shilingi 10,000, yaani shilingi 100,000. Fedha nyingi ya mwanachama haiko kwenye hisa. Iko kwenye akiba, ile anayoweka kila mwezi, na akiba ililipwa riba ya asilimia 3. Chukua muuza ndizi mwenye hisa za shilingi 100,000 na akiba ya shilingi 600,000 iliyokaa mwaka mzima. Akisoma "gawio asilimia 12" atapiga hesabu juu ya shilingi 700,000 zake zote na kutarajia shilingi 84,000. Atakachopata ni shilingi 12,000 za gawio na shilingi 18,000 za riba ya akiba, jumla shilingi 30,000. Hakuna aliyemwibia, ila ataondoka mkutanoni akiamini ameibiwa.

Kwa mwanachama mpya pengo ni kubwa zaidi. Akiweka shilingi 30,000 kila mwezi kuanzia Januari, Desemba atakuwa na shilingi 360,000. Riba ya asilimia 3 haipigwi juu ya hizo 360,000, maana hazikuwepo mwaka mzima. Chama hiki hupiga riba kwa wastani wa salio la kila mwezi, na wastani wa salio linalopanda kutoka 30,000 hadi 360,000 ni shilingi 195,000. Riba yake ya mwaka wa kwanza ni shilingi 5,850. Hisa nazo akizilipa kidogo kidogo, gawio linafuata muda ambao kila hisa imekaa. Mtu huyu asiletwe chamani kwa ajili ya faida ya fedha yake. Aletwe kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ipo. Nitaifikia kwenye mkopo.

Kisha kuna neno "kila mwaka". Nilimwomba mhasibu hesabu za miaka mitatu. Mwaka uliopita gawio asilimia 12, mwaka wa nyuma yake asilimia 8, na mwaka wa nyuma zaidi hapakuwa na gawio kabisa, kwa sababu mikopo kadhaa ilichelewa na fedha ikatengwa kufidia. Ukiona jinsi gawio linavyopatikana, kuyumba huko hakushangazi. Kwa namba nilizozirahisisha kidogo, chama kilikuwa na mikopo ya wastani wa shilingi milioni 150 mikononi mwa wanachama, ikaingiza riba ya shilingi milioni 27. Mishahara, pango, ukaguzi na gharama nyingine zilikula milioni 14.4. Riba ya akiba ya wanachama ilikula milioni 3.6. Zikatengwa milioni 4 kwa ajili ya mikopo chechefu. Ikabaki ziada ya milioni 5. Kabla ya gawio, sehemu ya ziada huenda kwenye akiba ya kisheria ya chama chenyewe na mifuko yake mingine, na hapa zilikwenda milioni 2.6. Zilizobaki, milioni 2.4, ziligawiwa juu ya hisa zote za milioni 20, na ndipo ikapatikana asilimia 12.

Tazama jinsi ziada ile ilivyo nyembamba. Wakopaji watano wa milioni moja moja wakishindwa kulipa, milioni 5 zote zimekwisha. Na kuna jambo ambalo bodi haikuwa imeliona: kampeni yenyewe inapunguza gawio inalolitangaza. Wakija wanachama wapya wa kutosha, hisa zikapanda kutoka milioni 20 hadi milioni 30, huku fedha yao bado haijakopeshwa na kuanza kuingiza riba, zile milioni 2.4 zitagawiwa kwa watu wengi zaidi na gawio litashuka hadi asilimia 8. Baadaye fedha mpya ikishakopeshwa vizuri kiwango kinaweza kurudi, au kisirudi. Hakuna mwenyekiti anayeweza kuahidi asilimia ya mwaka ujao, na hata kwa utaratibu hana mamlaka hayo: gawio hupendekezwa na bodi baada ya hesabu kukaguliwa, na huamuliwa na mkutano mkuu.

Pendekezo langu lilikuwa kuandika miaka yote mitatu, pamoja na ule wa sifuri. Hapo ndipo tulibishana kwa muda mrefu.

"Mwalimu, ukiandika kwamba kuna mwaka hatukutoa kitu, nani atakuja?" aliuliza mwenyekiti. Ni mama anayeuza nafaka, aliyekuwepo chama kikianza.

Nilimwambia, "Mama, watu wa hapa wanaikumbuka DECI." Mpango ule wa kupanda na kuvuna mbegu ulisimamishwa na serikali mwaka 2009, na wengi waliopanda hawakuvuna. Miradi ya namna hiyo ina dalili moja isiyobadilika: haina mwaka mbaya. Ahadi ni ileile kila mzunguko, hadi siku ofisi inapofungwa. Chama kinachokopesha watu halisi lazima kiwe na mwaka mbaya, na kinachouweka wazi kinampa msomaji makini alama ya kukitofautisha na utapeli. Mwenyekiti hakuridhika siku ile. Alikubali siku iliyofuata, baada ya mhasibu kumkumbusha kwamba mwaka ule wa sifuri waliokasirika zaidi walikuwa wale walioandikishwa kwa maneno ya "gawio lipo kila mwaka".

Tukaja kwenye "anza na elfu 30 tu". Msomaji atakuja ofisini na shilingi 30,000 mkononi, na ataambiwa haitoshi. Kiingilio ni shilingi 20,000. Hisa ya kwanza ni shilingi 10,000. Akiba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 30,000. Siku ya kwanza anahitaji shilingi 60,000. Hisa tisa zilizobaki anatakiwa azikamilishe ndani ya miezi kumi na miwili. Kwa mwaka mzima atatoa kiingilio 20,000, hisa 100,000 na akiba 360,000, jumla shilingi 480,000, ambayo ni wastani wa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mtu anayemudu 30,000 kwa shida hatamudu 40,000, na ni afadhali alijue hilo akiwa nyumbani kwake.

Kubwa kuliko kiasi ni swali la fedha ipi inarudi na kwa njia gani. Kapsheni ya kwanza ilitaja fedha kana kwamba ni moja. Kwa masharti ya chama hiki ziko namna tatu za lazima, na kila moja ina mwenendo wake. Kiingilio hakirudi. Hisa hazirudishwi na chama, ila mwanachama anayetoka anaweza kuzihamishia kwa mwanachama mwingine, kwa hiyo lazima apatikane wa kuzichukua. Akiba hairuhusiwi kutolewa mtu akiwa bado mwanachama, kwa sababu ndiyo dhamana ya mikopo. Anayejitoa huandika taarifa ya siku 60, kisha hurudishiwa akiba yake baada ya kukatwa deni lake na baada ya kufunguliwa kwenye udhamini wowote alioweka.

Hili la akiba ndilo lenye malalamiko mengi kuliko yote. Watu wamezoea kibati na VICOBA, ambako hadi mwisho wa mzunguko kila mtu amekwishabeba fedha yake, na wamezoea akaunti ya benki au ya simu, ambako unatoa unapotaka. Wakisikia "akiba" wanafikiri hivyo hivyo. Mtoto akiugua mwezi wa tano, mwanachama anakwenda ofisini kuomba shilingi 100,000 kutoka kwenye akiba yake na anaambiwa ajaze fomu ya mkopo. Amejaa hasira, na kwa upande wake ana haki, kama hakuna aliyemwambia. Chama kina pia amana, fedha ya hiari ambayo hutolewa kwa taarifa, lakini bodi iliona amana isitangazwe kwa sasa. Niliwaunga mkono. Chama kinachotangaza amana lazima kiwe na fedha taslimu ya kutosha wenyewe wakija, na Januari ofisi hii haina.

Januari inatuleta kwenye mkopo. Hapa ndipo penye faida halisi ya kujiunga, na ndipo kapsheni ilipoficha masharti zaidi. "Mkopo mara tatu ya akiba yako" ni ukomo wa juu. Mwanachama mpya husubiri miezi mitatu akiweka akiba bila kukatisha. Kisha kiwango anachopewa hutegemea uwezo wake wa kurejesha, wadhamini wawili ambao akiba yao haijashikwa na mkopo mwingine, na fedha iliyopo ofisini. Januari shule zinafunguliwa na nusu ya soko linataka ada kwa wiki ileile, kwa hiyo maombi hupangwa foleni. Fikiria sasa mama anayesoma kapsheni ile mwanzoni mwa Desemba: "mkopo mara tatu, wahi kabla ya Krismasi". Atatoa fedha aliyoitunza kwa ada, ataingiza chamani, atarudi Januari kukopa, na ataambiwa asubiri hadi Machi. Tangazo litakuwa limemkosesha ada mtoto wake. Niliposema hivyo hakuna mjumbe aliyebisha, na mstari wa Januari ukaandikwa palepale.

Mkopo wenyewe tuliufanyia hesabu kamili, kwa sababu mtu anayeomba mkopo anahitaji kujua atatoa kiasi gani mfukoni kila mwezi. Mwanachama mwenye akiba ya shilingi 360,000 ana ukomo wa shilingi 1,080,000. Riba ya chama ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Akirejesha kwa miezi 12, kila mwezi analipa shilingi 90,000 za deni na riba ya salio lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 16,200, kwa hiyo rejesho ni shilingi 106,200. Mwezi wa mwisho riba ni shilingi 1,350 na rejesho ni shilingi 91,350. Riba yote ya mwaka inafika shilingi 105,300. Lau asilimia ileile 1.5 ingepigwa juu ya mkopo wote bila kujali salio linavyopungua, riba ingekuwa shilingi 194,400. Tofauti hii ya karibu shilingi 90,000 inazidi kwa mbali gawio lolote ambalo mwanachama mdogo atapewa, na kapsheni ya kwanza haikuigusa hata kwa neno moja. Ni ajabu jinsi vyama vinavyokimbilia kutangaza gawio vikasahau kitu ambacho kweli kinamwokoa mwanachama, yaani bei ya mkopo.

Lakini huo nao una upande wa pili. Wakati analipa rejesho la 106,200, mwanachama anaendelea kuweka akiba ya 30,000. Mwezi wa kwanza wa mkopo anatoa shilingi 136,200. Na yeye mwenyewe ataombwa kuwadhamini wenzake. Akidhamini, akiba yake inashikwa hadi mwenzake amalize, na mwenzake akishindwa, inakatwa. Sijaona matangazo yanayotaja udhamini, na ni jambo linalogusa kila mwanachama, akope au asikope.

"Fedha zako ziko salama asilimia 100" nililifuta bila mjadala mrefu. SACCOS nchini hupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na leseni hiyo ni kitu tofauti na usajili wa chama chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Chama kinapaswa kuwa na vyote viwili. Namba zake ziandikwe kwenye tangazo, na cheti kitundikwe ukutani ambako mgeni anaweza kukisoma. Hesabu hukaguliwa kila mwaka. Hayo yote yanapunguza hatari. Hayaiondoi, kwa sababu fedha ya wanachama imekopeshwa kwa watu, na watu wengine hawalipi. Bima ya amana inayowalinda wateja wa benki haiwahusu wanachama wa SACCOS. Chama kikianguka, mwanachama ni mmiliki mwenza wa hasara. Anayeahidi usalama wa asilimia 100 anaahidi kitu ambacho hata benki haiahidi.

Ile sentensi ya "Moshi ndiyo nyumbani kwa ushirika" nayo ilitoka. Ni kweli mji huu una historia hiyo: KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianza 1933, na chuo cha ushirika kilianzishwa hapa 1963. Lakini chama kidogo cha sokoni hakiwezi kujivika sifa ya KNCU, na msomaji anayeishi Pasua au Majengo anataka kujua kuhusu chama hiki. "Nafasi ni chache" ilitoka kwa sababu haikuwa kweli. Chama hakina ukomo wa wanachama na milango yake iko wazi mwaka mzima kwa mwenye sifa.

Namba ya simu ya mhasibu ilinisumbua kuliko maneno yote. Mhasibu ni kijana mwaminifu, na alishangaa.

"Mimi fedha yote naipeleka benki siku hiyohiyo, Mwalimu. Risiti ninazo."

Uaminifu wake haukuwa na shaka. Tatizo ni kwamba kapsheni yenye namba ya mtu binafsi inamfundisha msomaji kuwa ni kawaida kulipa chama kupitia simu ya mtu. Kesho tapeli ananakili picha, anabadilisha namba tu, anaisambaza WhatsApp, na hakuna msomaji atakayeona tofauti. Chama kilikuwa na akaunti benki na Lipa Namba yenye jina lake. Mlipaji akiweka Lipa Namba, jina la chama humtokea kabla hajathibitisha, na hiyo ndiyo kinga yake. Tuliamua kwamba tangazo lisikusanye fedha kabisa. Limlete mtu ofisini, asome masharti, ajaze fomu, kisha ndipo alipe na kupewa risiti.

Kapsheni iliyotoka ni hii. Kwenye Instagram ukomo ni herufi 2,200 na yote inaingia, ila kinachoonekana kabla ya mtu kubonyeza ili asome zaidi ni kama herufi 125 za mwanzo. Ndiyo maana gharama ya siku ya kwanza iko mstari wa kwanza.

> Kujiunga na SACCOS yetu ya Mbuyuni: siku ya kwanza shilingi 60,000, kisha akiba isiyopungua 30,000 kila mwezi.
>
> Hizo 60,000 ni kiingilio 20,000 (hakirudi), hisa moja 10,000 na akiba ya mwezi wa kwanza 30,000. Hisa tisa nyingine, 90,000, unazikamilisha ndani ya miezi 12. Mwaka wa kwanza wote ni 480,000.
>
> Akiba yako ni dhamana ya mikopo. Huwezi kuitoa ukiwa mwanachama. Ukijitoa, unatoa taarifa ya siku 60 na unarudishiwa baada ya madeni na udhamini kumalizika. Hisa hazirudishwi, unaweza kuzihamishia kwa mwanachama mwingine.
>
> Mkopo: baada ya miezi mitatu ya akiba mfululizo, hadi mara tatu ya akiba, kwa kutegemea uwezo wa kurejesha, wadhamini wawili na fedha iliyopo. Riba asilimia 1.5 kwa mwezi ya salio linalopungua. Mfano: mkopo wa 1,080,000 kwa miezi 12 unarejesha jumla 1,185,300. Ukijiunga Desemba, mkopo wa ada ya Januari hautakuwahi.
>
> Na wewe unaweza kuombwa kumdhamini mwenzako. Asipolipa, akiba yako inaweza kukatwa.
>
> Gawio hulipwa juu ya hisa tu, kama kuna ziada na mkutano mkuu ukiidhinisha. Miaka mitatu iliyopita: hakuna, asilimia 8, asilimia 12. Akiba ililipwa riba ya asilimia 3 mwaka jana. Ya mwaka huu hayajulikani.
>
> Tuna usajili na leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika (namba zote mbili ziko kwenye picha). Hesabu zilizokaguliwa zipo ofisini, omba uzione. Akiba ya SACCOS haina bima ya amana kama ya benki.
>
> Hatupokei fedha kwa simu ya mtu binafsi. Njoo ofisini na kitambulisho, soma masharti kwanza.

Mjumbe mmoja aliona ni ndefu mno. Kwa mtu anayepitisha macho ni ndefu kweli, lakini mtu anayetaka kuweka shilingi 480,000 kwa mwaka ataisoma hadi mwisho, na huyo ndiye anayetafutwa. Nilichokubaliana naye ni kuhusu picha. Watu hawasambazi kapsheni. Wanasambaza picha, na picha ikishatoka Instagram kwenda magrupu ya WhatsApp inakwenda peke yake. Rasimu ya picha ilikuwa na "GAWIO 12%" kwa herufi kubwa kuliko jina la chama. Hiyo ingezunguka mkoa mzima bila neno "hisa" wala neno "mwaka jana". Picha mpya ina jina la chama, namba za usajili na leseni, gharama ya siku ya kwanza, riba ya mkopo, na sentensi moja chini: gawio hutegemea ziada, halina uhakika. Hundi ya mfano ilibaki kwa sababu mwanachama aliyepigwa picha alikubali kwa maandishi, ila kiasi kilichoandikwa juu yake kilifunikwa. Mkopo wake ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeweka akiba kwa miaka mingi, na ungemfanya mgeni afikiri ndicho kiwango cha kawaida.

Ofisini tulibadilisha jambo moja. Kabla ya mtu kujaza fomu, mhasibu anamwuliza: "Ukipata shida mwezi wa tano, fedha yako ya akiba utaitoaje?" Anayejibu "nitakuja kuichukua" haandikishwi siku hiyo. Anasomewa kifungu, na anaambiwa akafikiri. Wengine hawarudi. Mwenyekiti, ambaye mwanzoni alihesabu kila asiyerudi kama hasara, sasa anamwuliza mhasibu swali lingine kila Ijumaa: kati ya wapya, ni wangapi wameweka akiba mwezi huu bila kukumbushwa.

Kapsheni hii ina tarehe ya kufa. Mkutano mkuu ukishapokea hesabu mpya, zile asilimia za miaka mitatu zinasogea mwaka mmoja, riba ya akiba inaweza kubadilika, na chapisho la zamani linapaswa kuondolewa siku hiyo. Mhasibu ameandika jambo hilo kwenye ajenda ya bodi, baada tu ya kipengele cha kuidhinisha gawio.